Mali ya Mali

Chumba chetu cha tuisheni kilikuwa Kirumba, karibu na soko la Mwaloni, na upepo ukivuma kutoka ziwani harufu ya dagaa iliingia dirishani pamoja na kelele za wapakiaji. Jioni moja niliandika ubaoni x⁶ − 64 na kuwaambia wanafunzi wa kidato cha tano wavunje fungu hilo katika vigawo vyake. Nilitegemea kazi ya dakika tano. Ilichukua jioni nzima, na kwa namna fulani ilinirudisha nyuma miaka elfu moja.

Kijana mmoja wa Igoma aliona kwamba x⁶ ni x³ iliyozidishwa kwa yenyewe, na 64 ni 8 mara 8. Basi hiyo ni tofauti ya vipeo viwili vya pili. Akaandika (x³ − 8)(x³ + 8), kisha akavunja kila bano kwa kanuni ya vipeo vya tatu na kupata:

(x − 2)(x² + 2x + 4)(x + 2)(x² − 2x + 4)

Msichana aliyekaa nyuma yake aliona jambo jingine. Kwake x⁶ ni x² iliyopandishwa kwenye kipeo cha tatu, na 64 ni 4 mara 4 mara 4. Kwa hiyo alianza na tofauti ya vipeo vya tatu:

(x² − 4)(x⁴ + 4x² + 16)

Bano la kwanza likampa (x − 2)(x + 2). Bano la pili akaliacha. "Hili halivunjiki, Mwalimu," alisema. "Nimeweka u badala ya x², nikapata u² + 4u + 16. Kibainishi ni 16 kutoa 64, hasi 48. Hakuna jawabu, kwa hiyo hakuna vigawo."

Wakaanza kubishana. Majibu yote mawili yalikuwa sahihi kama mzidisho: ukiweka x = 1, la kijana linatoa hasi 1 mara 7 mara 3 mara 3, yaani hasi 63, na la msichana linatoa hasi 3 mara 21, hasi 63 ileile. Ila mmoja alikuwa na vigawo vinne, mwingine vitatu, na fungu moja haliwezi kuwa limevunjika hadi mwisho kwa njia mbili tofauti. Kuna aliyesimama kabla ya kufika.

Niliwaambia waangalie hiyo 21. Jibu la kijana lina 7 na 3 mahali ambapo la msichana lina 21. Namba yenyewe ilikuwa inapiga kelele kwamba x⁴ + 4x² + 16 inavunjika. Ushahidi wa namba moja si uthibitisho, lakini ni fununu nzuri. Swali likawa: kosa la msichana liko wapi? Hakukosea popote katika hesabu zake. Alichokosea ni kule kusema "kwa hiyo".

Kosa hilo lina ukoo wake, na waliolifanya kabla yake ni watu wakubwa mno.

Tuanze na majina. Mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9 hakuwa na x. Al-Khwarizmi, ambaye kitabu chake cha aljebra kiliandikwa kama mwaka 820, aliita kile asichokijua "jidhr", mzizi, na kipeo chake cha pili akakiita "mal". Neno hilo tunalo. Ni mali hii hii ya kurithi, kuhesabu na kugombea. Namba za kawaida ziliitwa dirhamu. Hivyo mlinganyo wa kipeo cha pili ulisomeka kama kesi ya mirathi: mali na mizizi kumi ni sawa na dirhamu 39.

Karibu miaka mia mbili baadaye, mwanzoni mwa karne ya 11, Al-Karaji alifanya kazi mjini Baghdad na kuandika kitabu alichokiita Al-Fakhri, kwa heshima ya waziri aliyemfadhili. Yeye alipanda juu ya mali. Kipeo cha tatu kiliitwa "kaab", yaani mchemraba, neno la ukoo mmoja na Al-Kaaba. Kipeo cha nne hakikupewa jina jipya. Kiliitwa "mal mal", mali ya mali. Cha tano kikawa mali ya kaab, cha sita kaab ya kaab.

Tazama jina hilo la nne linavyofanya kazi. Mtu akikuambia "mali ya mali na mali tano ni sawa na dirhamu 126", huhitaji kuambiwa kwamba mlinganyo huu ni wa kipeo cha pili uliovaa joho. Jina limeshasema. Kilichofichwa ndani ni mali peke yake: mali mara mali, jumlisha mali tano. Mali ikiwa 9, inatoka 81 na 45, jumla 126. Mzizi ni 3. Lile jawabu jingine, mali kuwa hasi 14, watu wa Baghdad wasingelikubali, na kwa mali halisi nani angelikubali? Al-Karaji alitambua kwamba milinganyo yote ya umbo hili, ambapo kipeo kimoja ni mara mbili ya kingine, inatatuliwa kwa dawa moja.

Sisi tuliopokea alama za Descartes za mwaka 1637, tunaandika x⁴ na kuona tarakimu 4. Ni alama nyepesi na siwezi kufundisha bila hiyo, lakini imefuta ukoo. Mwanafunzi anayeona 4 anaogopa. Anayeona mali ya mali haogopi. Kiswahili cha shule ya msingi chenyewe kilikuwa makini kuliko tunavyokipa sifa, kwa kutofautisha kipeo na kipeuo kwa irabu moja tu. Halafu mtoto anaingia sekondari, lugha inabadilika, na ule umakini unabaki nyuma na sare ya zamani.

Kabla ya kurudi kwenye kosa, niliwaonyesha wanafunzi ile kanuni ya vipeo vya tatu inatoka wapi, maana wote wawili waliitumia kwa kukariri. Nilituma mtoto dukani akanunue sabuni ya mche. Tulikata mchemraba wenye upande wa sentimeta 5, kisha kwenye kona yake tukaondoa mchemraba mdogo wa sentimeta 2. Kilichobaki ni 125 kutoa 8, sentimeta za ujazo 117.

Sasa kata kilichobaki. Pitisha kisu kwa mlalo, usawa wa kimo cha kile kipande kilichoondolewa, na bapa la juu linatoka zima: 5 kwa 5, unene 3. Chini panabaki umbo lenye pembe, kama kona ya ukuta. Likate mara moja, upate bapa la 5 kwa 2 na bapa la 2 kwa 2. Mabapa yote matatu yana unene uleule wa 3, ambao ni 5 kutoa 2. Basi ujazo wote ni 3 mara (25 + 10 + 4), yaani 3 mara 39, na hiyo ni 117. Andika herufi badala ya namba:

a³ − b³ = (a − b)(a² + ab + b²)

Yale mafungu matatu ndani ya bano la pili ni nyuso za mabapa matatu. Lile la katikati ni ab moja tu kwa sababu kuna bapa moja tu la aina hiyo mezani. Hapa ndipo wengi wanapoteza alama: mkono umezoea a² + 2ab + b² na unaandika 2 bila kuuliza. Kwa jumla ya vipeo vya tatu hakuna sabuni ya kukata, lakini weka −b badala ya b, na kwa kuwa kipeo cha tatu cha namba hasi ni hasi, inatoka a³ + b³ = (a + b)(a² − ab + b²). Ukitaka kuijaribu, chukua 1001, ile ya usiku wa Alfu Lela Ulela. Ni 10³ + 1³, kwa hiyo ni 11 mara (100 − 10 + 1), 11 mara 91. Aliyeandika 2ab yenye jumlisha atapata 11 mara 121, yaani 1331, na ajue kwamba amepata kipeo cha tatu cha 11, kitu kingine kabisa.

Turudi kwenye kosa. Mwaka 1702 Leibniz, mmoja wa watu wawili waliozaa kalkulasi, aliandika katika jarida la Acta Eruditorum la Leipzig kuhusu namna ya kupata maeneo chini ya mikunjo. Njia yake ilihitaji kuvunja kile kilicho chini ya sehemu hadi vibaki vigawo vya kipeo cha kwanza na cha pili tu. Akajiuliza: je, kila polinomia inavunjika hivyo bila kuacha namba za kufikirika? Akajibu kwamba hapana, na mfano wake ulikuwa x⁴ + a⁴.

Hoja yake ilikuwa ileile ya msichana wa Kirumba. Kwa jicho la mali, x⁴ + a⁴ ni u² + a⁴, na hiyo haina jawabu halisi. Leibniz alisonga hatua moja zaidi: akaivunja kwa kipeuo cha pili cha hasi 1, kisha akavunja tena, akajikuta na kipeuo cha kipeuo cha hasi 1. Aliangalia vigawo vinne vya namna hiyo, akadhani kwamba hata ukivizidisha viwili viwili huwezi kupata kitu halisi. Akahitimisha kwamba eneo lile lingehitaji aina mpya ya hesabu.

Alifariki mwaka 1716 bila kujua kwamba jibu lilikuwa mstari mmoja. Mwaka 1719 Nikolaus Bernoulli, mpwa katika ile familia ya wanahisabati wa Basel, alionyesha katika jarida lilelile kwamba:

x⁴ + a⁴ = (x² + a²)² − 2a²x²

Umeona alichofanya? Aliongeza 2a²x² ili mraba ukamilike, kisha akaitoa tena. Kilichobaki ni tofauti ya vipeo viwili, na tofauti ya vipeo viwili inavunjika daima. Kigawo kimoja ni x² + a² jumlisha ax mara kipeuo cha 2, na kingine ni hichohicho chenye kutoa. Vyote ni halisi, hakuna cha kufikirika.

Niliwapa wanafunzi chaki wafanye vivyo hivyo na x⁴ + 4x² + 16. Kijana aliona haraka kwamba (x² + 4)² ni x⁴ + 8x² + 16, ambayo imezidi kwa 4x². Basi toa:

(x² + 4)² − (2x)² = (x² + 2x + 4)(x² − 2x + 4)

Vigawo viwili vilevile vya kijana. Msichana alikunja uso. "Lakini kibainishi kilikuwa hasi," alisema. Kweli kilikuwa hasi, na kilisema ukweli wake: hakuna mali halisi inayofanya fungu hilo liwe sifuri. Hakikusema zaidi ya hapo. Kukosa mzizi ni jambo moja, kukosa vigawo ni jingine. Kwa kipeo cha pili mambo hayo mawili huenda pamoja, ndiyo maana tunayachanganya. Kwenye kipeo cha nne yanaachana. Na kwa umbo x⁴ + px² + q, kibainishi kikiwa hasi ndipo njia ya Bernoulli inapofanya kazi bila kushindwa. Kibainishi hasi maana yake p² ni ndogo kuliko 4q, kwa hiyo p ni ndogo kuliko kipeuo cha q mara mbili, na kile unachokitoa baada ya kukamilisha mraba kitakuwa chanya kila mara. Kibainishi kikiwa si hasi, tumia mali moja kwa moja. Ukuta mmoja ukifunga, mlango uko upande wa pili.

Hapa kisa kinapata utamu wake. Nikolaus Bernoulli, yule yule aliyemsahihisha Leibniz, mwaka 1742 alikuwa akiandikiana na Euler, aliyekuwa amehamia Berlin. Euler alishikilia kwamba kila polinomia halisi inavunjika katika vigawo halisi vya kipeo cha kwanza na cha pili. Bernoulli akamtolea fungu alilodhani linampinga:

x⁴ − 4x³ + 2x² + 4x + 4

Halionekani kuwa mali ya mali. Lina x³, lina x, kila kitu kipo. Lakini jaribu kuweka namba. x ikiwa 0 inatoka 4. x ikiwa 2 inatoka 4. x ikiwa hasi 1 inatoka 7. x ikiwa 3 inatoka 7. Namba zinarudiana pande mbili za 1, kama miamba ya Mwanza na kivuli chake majini siku ziwa limetulia. Basi simama kwenye hiyo 1 uangalie kutoka hapo: weka y = x − 1, yaani kila penye x andika y + 1, ufungue mabano. Zile y³ zinafutana, 4 kwa hasi 4. Zile y zinafutana pia: 4 kutoa 12 jumlisha 4 jumlisha 4. Kinachobaki ni:

y⁴ − 4y² + 7

Mali ya mali kutoa mali nne, jumlisha saba. Joho lilikuwa la kusogezwa hatua moja tu. Kibainishi ni 16 kutoa 28, hasi 12, ileile hali ya Leibniz. Na dawa ni ileile ambayo Bernoulli mwenyewe aliitoa miaka 23 nyuma: kamilisha mraba kwa kipeuo cha 7, upate (y² + √7)² − (4 + 2√7)y². Vigawo vyake vinabeba kipeuo cha (4 + 2√7), namba mbaya ya karibu 3.05, na ndiyo hiyo inayoonekana katika jibu la Euler. Bernoulli alikuwa na ufunguo mfukoni, akashindwa kutambua mlango kwa sababu ulikuwa umesogezwa.

Namna ya kuutambua si uchawi. Katika y⁴ + py² + q, kila mzizi una pacha wake wa upande wa pili wa sifuri, hivyo wastani wa mizizi minne ni sifuri. Ukisogeza fungu, wastani unasogea nao. Wastani huo unausoma kwenye namba inayoizidisha x³: igeuze alama, igawe kwa 4. Kwa fungu la Bernoulli ni 4 gawanya kwa 4, yaani 1. Hamia hapo, x³ itapotea kila mara. Swali ni kama fungu la y nalo litapotea. Likipotea, umelivua joho. Likibaki, hakukuwa na joho, ni kipeo cha nne cha kweli, na njia hii inaishia hapo. Badili ile 4x ya Bernoulli iwe 5x na tayari imeharibika. Mengi ya ulimwengu huu yameharibika hivyo. Ya kwenye mitihani yamechaguliwa.

Kulikuwa na swali moja zaidi ambalo msichana aliliuliza akiwa anafunga daftari. Kama x² + 2x + 4 ndiyo mwisho, na jibu la Euler linaruhusu vipeuo vya 7 ndani ya vipeuo, basi nani anaamua wapi pa kusimama?

Swali hilo liliwahi kuletwa kwenye ufuko wa ziwa hili hili. Mwaka 1962 walimu na wanahisabati kutoka nchi za Afrika, Marekani na Uingereza walikutana Entebbe, ng'ambo ya kaskazini, kuandika vitabu vipya vya shule chini ya mpango ulioongozwa na W. T. Martin wa chuo cha MIT. Vikaitwa Hisabati ya Entebbe. Wazazi na walimu wengi waliilalamikia hisabati mpya ya enzi hizo kwa kujaa seti na mabano ya mkunjo huku mtoto akishindwa kuzidisha, na sina haja ya kuwapinga. Ila desturi yake moja naitetea: kabla ya kusema jambo linawezekana, taja uko ndani ya seti gani ya namba. Kwa namba nzima na sehemu, x⁴ + 1 haivunjiki. Kwa namba halisi inavunjika vipande viwili. Kwa namba changamano inavunjika vipande vinne. Leibniz na Bernoulli walikuwa na hesabu zote. Walichokosa ni kujua jinsi namba halisi zilivyo na nafasi kubwa.

Ndani ya namba halisi, nilimjibu, simama pale kila kigawo kitakapokuwa cha kipeo cha kwanza, au cha pili chenye kibainishi hasi. Kibainishi cha x² + 2x + 4 ni 4 kutoa 16. Hapo, na hapo tu, "kwa hiyo" yako ina haki.

Wiki iliyofuata alikuja mapema, akafuta ubao, akaandika bila salamu ndefu: x⁴ − 12x³ + 49x² − 78x + 40. "Wajaribu," alisema, akaketi. Kijana wa Igoma aligawa 12 kwa 4, akahamia kwenye 3, akafungua mabano kwa jasho na kupata y⁴ − 5y² + 4. Mali ni 1 au 4. Akarudi na mizizi yake: 1, 2, 4, 5. Alipogeuka, msichana alikuwa tayari anakata mche wa sabuni tuliouacha dirishani, ili aone kama jumla ya vipeo vya tatu kweli haiwezi kukatwa.